"Naomba kuacha kazi" au "natoa notisi"?

*Dada mshauri, shikamoo.*

*Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nina miaka mitano katika hospitali moja binafsi hapa Mbeya, wodi ya watoto wachanga. Mkataba wangu hauna muda maalum na unasema notisi ni mwezi mmoja. Mwaka huu niliomba shahada ya uuguzi nikachaguliwa vyuo viwili, kimoja Dar es Salaam na kingine Moshi. Masomo yanaanza tarehe 2 Novemba. Sijathibitisha bado.*

*Nimeandika barua ya kuacha kazi ya kurasa mbili. Inaanza hivi: "Naomba kwa heshima na taadhima kuacha kazi, endapo ombi langu litakubaliwa." Halafu nimeeleza masomo, nikaeleza pia ovataimu ya miezi mitatu ambayo sijalipwa, na jinsi inchaji wetu anavyotusema mbele ya akina mama waliojifungua. Rafiki yangu kasema nitoe hayo, mwingine kasema niyaache ili yajulikane.*

*Tatizo ni matroni. Mwenzetu alipopeleka barua mwaka jana aliambiwa, "Hatupokei mpaka tupate mtu wa kushika nafasi yako," akakaa miezi minne. Mimi nimewaza nichukue likizo yangu ya siku 16 kuanzia tarehe 1 Oktoba, barua niipeleke nikiwa likizo, nisirudi tena.*

*Jambo la mwisho linaninyima usingizi. Mwaka jana hospitali ilinilipia mafunzo ya miezi minne ya kuhudumia watoto njiti, shilingi 2,400,000, nikasaini kutumikia miaka miwili kuanzia tarehe 1 Machi mwaka ule. Haijatimia. Nifanyeje?*

*Nesi wa Watoto Wachanga, Mbeya*

---

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuchaguliwa.

Nianze na neno moja katika barua yako, maana shida zako nyingine nyingi zinatokana nalo. Neno lenyewe ni "naomba".

Sisi tumelelewa kuomba. Unamwomba mama maji hata kama mtungi ni wako, na kwenye barua za kiofisi tunaomba kila kitu kwa heshima na taadhima. Hilo ni zuri na sitaki uliache. Lakini kuacha kazi katika mkataba usio na muda maalum si jambo linaloombwa. Ombi hujibiwa ndiyo au hapana, na ukiomba umempa mwajiri nafasi ya kusema hapana, au kunyamaza, ambako ndiko kunakoumiza zaidi. Ukiongeza na "endapo ombi langu litakubaliwa" ndiyo umefunga mlango kabisa: umeandika kwa mkono wako kwamba lisipokubaliwa, hutaondoka. Sijui barua ya mwenzenu ilisema nini, ila nimeona nyingi zilizokaa mezani miezi kadhaa, na karibu zote zilikuwa maombi.

Kinachotakiwa ni notisi. Notisi ni taarifa: naondoka, tarehe hii, kwa sababu hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayevunja mkataba wa kulipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe aliyoitoa. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Wako umeweka mwezi mmoja, basi huo ndio wako. Hakuna mahali panaposema notisi inaanza kuhesabiwa pale mwajiri atakapompata mtu mwingine. Kutafuta mtu ni kazi ya hospitali, na mwezi huo umewekwa ili iweze kuifanya.

Hapa niweke angalizo kwa wasomaji wengine wenye mkataba wa muda maalum, ule wa mwaka mmoja au miwili unaokwisha tarehe fulani. Kwenu hali ni tofauti. Mkataba wa namna hiyo mfanyakazi hauvunji katikati kwa kutoa notisi tu, isipokuwa mwajiri ameuvunja yeye kwa jambo zito, au mkataba wenyewe una kifungu kinachoruhusu. Njia yenu ni kukaa na mwajiri mkubaliane kuumaliza mapema, na makubaliano hayo yaandikwe. Kwa hiyo msinakili barua nitakayoiandika hapa chini kabla hamjasoma mikataba yenu.

Turudi kwako, na kwa tarehe.

Likizo uliyoipanga itakuharibia. Sheria hiyo hiyo inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo, na inakataza siku za notisi kwenda sambamba na siku za likizo. Maana yake barua utakayoipeleka ukiwa nyumbani haihesabiki, na usiporudi tarehe 17 utaonekana mtoro, wala si mtu aliyeacha kazi. Na mfanyakazi anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi anaweza kukatwa, kwenye fedha anazodai, kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo. Yaani mshahara wa mwezi mzima unaweza kuondoka pamoja na malipo yako ya mwisho, na kwenye faili likabaki neno ambalo utalikuta tena miaka minne baadaye ukiomba kazi.

Hizo siku 16 hazipotei. Likizo ambayo hukuitumia inalipwa ajira inapokwisha, na ile iliyoanza kujikusanya katika mwaka ambao haujatimia nayo inalipwa kwa sehemu yake. Iache iwe fedha. Mwanzo wa chuo utaihitaji.

Sasa hesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma. Chuo kinafungua Jumatatu, tarehe 2 Novemba. Jipe siku tisa za kufunga mizigo, kuaga nyumbani na kusafiri. Siku yako ya mwisho kazini iwe Ijumaa, tarehe 23 Oktoba. Ukirudi nyuma mwezi mmoja unafika tarehe 23 Septemba, lakini mimi nataka barua iingie Jumatatu, tarehe 21 Septemba. Siku mbili za ziada ni za mhuri kuchelewa au mhusika kuwa safarini. Tena kuna sababu nyingine ambayo wewe unaijua kuliko afisa utumishi yeyote: rosta ya Oktoba huandikwa wiki ya mwisho ya Septemba. Barua ikifika kabla rosta haijabandikwa ukutani, inchaji anakupanga mpaka tarehe 23 na anajua mapema pengo linaanzia wapi. Ikifika baada ya hapo, wenzako watatu watabadilishiwa zamu kwa ajili yako, na lawama zote zitakuwa zako. Mwombe tu asikupange usiku wa tarehe 23, kwa sababu zamu hiyo inaishia asubuhi ya tarehe 24, wakati ajira yako imeshakwisha.

Ila kabla ya tarehe 21 kuna jambo lazima liwe limekamilika. Hujathibitisha udahili. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa na TCU, kwa namba ya siri anayotumiwa, na asipofanya hivyo nafasi haiko mikononi mwake. Usipeleke notisi ukiwa na nafasi mbili ambazo bado hazijawa hata moja. Thibitisha, pakua barua ya udahili, isome mpaka ukurasa wa ada, na ujue ada ya muhula wa kwanza inatoka wapi. Kama uliomba mkopo wa HESLB, usiutie kwenye bajeti mpaka uone jina lako kwenye waliopangiwa. Wala usitegemee NSSF: michango yako itabaki kwa jina lako, lakini fao la upotevu wa ajira limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeiacha mwenyewe kwa hiari.

Na kama moyoni unatamani nafasi yako ibaki, uliza sasa, kabla ya notisi, kama hospitali inatoa likizo bila malipo kwa masomo. Katika hospitali binafsi hilo ni hiari ya mwajiri, na kwa shahada ya miaka minne sitegemei wakubali. Uliza kwa mdomo, upate jibu, mambo yaishe. Ninachokukataza ni kuchanganya hayo mawili kwenye karatasi moja, "naacha kazi, ila mkiweza nipeni likizo ya masomo." Barua ya namna hiyo haina anayejua aijibu vipi.

Sasa yale malalamiko.

Nilipokuwa na umri wako niliacha kazi katika hospitali ambayo sitaitaja, nikaandika kurasa mbili na nusu. Kila nilichokiandika kilikuwa kweli. Miaka saba baadaye nilikaa mbele ya kamati ya usaili mahali pengine, na mmoja wa wajumbe alikuwa amefanya kazi kule. Aliniuliza swali moja tu kuhusu barua ile, tena kwa upole. Mambo niliyoyalalamikia hakuna aliyeyakumbuka, lakini hasira yangu ilikumbukwa. Kazi nilipata, ila nilitoka mle nikijua kwamba barua ya kuacha kazi husomwa na watu ambao hukuwaandikia, wakati ambao wewe haupo kujieleza.

Sikuambii unyamaze. Nakuambia kila jambo lina karatasi yake. Ovataimu ya miezi mitatu ni deni. Deni halifutwi kwa kuwa umeondoka kwa hiari, na halihitaji hadithi. Andika barua ya pili, fupi, kwa afisa utumishi, yenye tarehe za zamu, saa ulizozidisha, na jina la aliyesaini rosta. Ambatisha nakala za rosta zenyewe, na uzipige picha leo, maana rosta ya mwezi uliopita huwa ya kufungia vitumbua. Iwasilishe wiki hii ukiwa bado mfanyakazi. Wasipolipa, mgogoro wa aina hiyo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipoanza, kwa hiyo usijiambie utalifuatilia ukishamaliza mwaka wa kwanza. Na kwa kuwa miezi mitatu imeshapita, usisubiri siku ya mwisho kazini ndipo uanze kuhesabu.

La inchaji ni zito zaidi. Muuguzi kusemwa mbele ya mama ambaye mtoto wake yuko kwenye mashine kunamwondolea mama yule imani kwa mikono inayomshika mwanawe. Hilo mwambie matroni ana kwa ana, ukiwa bado unafanya kazi pale, kwa mfano mmoja wenye tarehe, mkiwa wawili. Kwenye barua ya kuondoka haliwezi kurekebishwa, kwani mwenye ushahidi anaondoka.

Tena kuna upande wa sheria. Kama unaondoka kwa sababu ya masomo, sema masomo. Lakini kama ukweli ni kwamba umefanyiwa mambo yaliyokulazimisha kuondoka, hiyo ni kesi nyingine kabisa na unapaswa kumwona mwanasheria au chama cha wafanyakazi kabla hujaandika neno. Huwezi kuandika leo kwamba unakwenda kusoma na kesho ukadai ulifukuzwa kwa vitendo, kwa sababu barua yako ndiyo itakayosomwa kwanza. Nilivyokusoma, wewe unakwenda kusoma kwa sababu unataka kusoma. Basi barua iseme hivyo.

Barua yenyewe ningeiandika hivi:

> Mganga Mfawidhi,
> (jina na anwani ya hospitali)
>
> Kupitia kwa: Muuguzi Mkuu
>
> 21 Septemba 2026
>
> YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kwa barua hii natoa notisi ya kuacha kazi yangu ya uuguzi katika hospitali hii. Notisi inaanza leo, tarehe 21 Septemba 2026, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Ijumaa, tarehe 23 Oktoba 2026.
>
> Sababu ya kuacha kazi ni masomo. Nimepata nafasi ya kusoma Shahada ya Sayansi ya Uuguzi, na masomo yanaanza tarehe 2 Novemba 2026.
>
> Nitaendelea na zamu zangu kama zitakavyopangwa hadi siku hiyo, na nitakabidhi kwa maandishi vifaa na majukumu yote yaliyo chini yangu.
>
> Kuhusu makubaliano ya mafunzo niliyosaini na hospitali, natambua kuwa muda wake haujakamilika. Naomba tukutane kabla ya tarehe 2 Oktoba ili tukubaliane namna ya kuumaliza.
>
> Naomba pia niandaliwe malipo yangu ya mwisho, yakiwemo ya siku za likizo nisizotumia, pamoja na cheti cha utumishi.
>
> Nashukuru kwa miaka mitano niliyofanya kazi hapa. Nilichojifunza katika wodi ya watoto wachanga ndicho kilichonifanya nitake kusoma zaidi.
>
> (saini, jina kamili, cheo, namba ya simu)
>
> Nakala: Afisa Utumishi, Mkuu wa Wodi ya Watoto Wachanga

Ukiangalia vizuri utaona "naomba" imo mara mbili. Imo pale ambapo kweli unahitaji jibu la mtu: kikao, na kuandaliwa malipo na cheti. Kwenye kuondoka haimo. Heshima haijapungua hata kidogo.

Neno la shukrani nalo usiliweke kama pambo. Sentensi ya "nashukuru kwa ushirikiano mkubwa mlionipa" imeandikwa kwenye kila barua nchini na hakuna anayeisoma. Taja kitu kimoja walichokupa kweli. Wewe walikupa wodi ile na mafunzo yale, na kesho ukihitaji mdhamini wa kitaaluma, atakayeombwa kukuandikia atakuwa ameshaambiwa amkumbuke muuguzi gani.

Sasa deni la mafunzo. Naona ulifikiri kulinyamazia. Usifanye hivyo, kwa sababu makubaliano yako kwenye faili lile lile litakalofunguliwa siku barua yako itakapoingia. Ukilitaja wewe kwanza unakuja kama mtu mwenye hoja. Wakilitaja wao kwanza unaonekana ulikuwa unatoroka.

Litafute karatasi ulilosaini ulisome neno kwa neno. Unatafuta jibu la swali moja: ukiondoka kabla ya wakati unarudisha zote, au unarudisha sehemu ya miezi iliyobaki? Kama linasema sehemu, hesabu ni nyepesi. Shilingi 2,400,000 kwa miezi 24 ni shilingi 100,000 kwa kila mwezi. Tangu tarehe 1 Machi mwaka jana hadi tarehe 23 Oktoba utakuwa umetumikia miezi 19 na siku 23, na imebaki minne na siku chache. Nenda kwenye kikao na pendekezo la shilingi 400,000 na kitu, na jinsi utakavyozilipa. Kama linasema zote, bado nenda na hesabu hiyo hiyo, uwaonyeshe miezi uliyoitumikia na wauguzi wapya uliowafundisha kumshika mtoto wa gramu 900. Mwajiri mwenye busara hukubali, lakini hapo ni hiari yake, na usimwambie ana wajibu ambao karatasi halimpi. Kama karatasi halisemi lolote kuhusu kuondoka mapema, usijiandikie deni mwenyewe. Mwonyeshe mwanasheria kabla ya kikao.

Wanaweza kupendekeza fedha hiyo ikatwe kwenye malipo yako ya mwisho, pamoja na ile ya likizo. Si vibaya, na inaweza kukupunguzia mzigo, lakini deni kama hilo halikatwi kwenye mshahara bila wewe kukubali kwa maandishi. Kubali kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Usisaini karatasi linalosema "makato yote yatakayostahili."

Siku ya kuipeleka barua usianzie masijala. Anzia kwa mama matroni, asubuhi, baada ya ripoti ya zamu, kabla simu hazijaanza. Asiisome taarifa yako kwenye karatasi kabla hajaisikia kinywani mwako. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mama, shikamoo. Nimepata chuo, naanza tarehe 2 Novemba. Nimekuja kukuambia mwenyewe, na hii hapa notisi yangu. Nitakuwepo mpaka tarehe 23 mwezi wa kumi, na kama unampata mtu mapema nitamfundisha wodi." Atakasirika kidogo. Ana wauguzi wachache na watoto wengi, na hasira yake usiichukue kama chuki.

Akisema "hatupokei," usibishane. Jibu lako liwe, "Sawa mama, basi naomba niipeleke masijala iwekwe kwenye kumbukumbu." Ndiyo maana unakwenda na nakala mbili zilizosainiwa. Moja inabaki kwao, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya aliyepokea, unarudi nayo. Masijala nao wakikataa, itume siku hiyo hiyo kwa barua pepe ya hospitali na kwa posta ya rejista, na utunze risiti. Notisi yako inasimama kwa kuwa imetolewa kwa maandishi na unaweza kuthibitisha siku iliyotolewa. Sahihi ya matroni ya kukubali haihitajiki.

Baada ya hapo fanya kazi mwezi ule kama vile unaanza. Watu huharibu hapa. Barua imepokelewa, moyo umeshafika chuoni, mtu anaanza kuchelewa zamu ya asubuhi na kuacha chati wazi. Kosa la dawa ukilifanya tarehe 20 Oktoba ni kosa lako kamili, na Baraza la Uuguzi na Ukunga halitauliza kama ulikuwa kwenye notisi. Leseni yako ndiyo unayokwenda kuijengea ghorofa la pili. Iangalie pia tarehe yake ya kuisha, na usiiache ife ukiwa darasani, maana utaihitaji ukitaka kushika zamu za likizo.

Makabidhiano nayo yawe ya maandishi. Sare, kitambulisho na vifaa ni rahisi. Kitu ninachokuomba usikifanye kwa haraka ni funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, kama unazishika. Usimwachie mtu funguo mkononi ukaenda kuaga. Fungueni kabati pamoja na inchaji, mmoja ashike rejesta na mwingine ahesabu: pethidini ampuli ngapi, mofini ngapi, moja baada ya nyingine juu ya meza. Idadi ilingane na mstari wa mwisho wa rejesta. Ikilingana, andikeni chini yake tarehe, saa, idadi, na saini zote mbili. Ikipungua hata ampuli moja, lisemeni hapo hapo liandikwe kabla hujaondoka. Ukishafika chuoni, ampuli iliyopotea itakuwa imepotea mikononi mwa aliyeondoka.

Cheti cha utumishi ni haki yako ajira inapokwisha. Ni karatasi tofauti na barua ya kukusifia, ambayo mtu anakupa akipenda. Usipokipata tarehe 23, kidai kwa barua pepe. Kikague majina yawe kama yalivyo kwenye leseni na vyeti vyako vya shule, maana herufi moja ikikosewa utasafiri kutoka Moshi au Dar mpaka Mbeya kuirekebisha.

Na ile nakala yenye mhuri usiiache kwenye droo ya wodi. Iweke kwenye bahasha moja na barua ya udahili na hesabu ya deni la mafunzo iliyosainiwa na pande zote mbili, uende nayo kwenye basi, mkobani, si kwenye buti.